Sotoka, Mizinga na Maji: Tukio Lipi Lilikuwa Kubwa Zaidi?

Ndani ya miaka isiyofika 20, kuanzia 1890 hadi 1907, Afrika Mashariki ilipatwa na mambo matatu ambayo wengi wetu hatuyaweki katika mizani moja. La kwanza ni sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ulioshuka kutoka kaskazini ukafagia mazizi. La pili ni mizinga ya Waingereza iliyolipiga jumba la Sultani Unguja tarehe 27 Agosti 1896. La tatu ni vita vya Maji Maji, vilivyoanza katika vilima vya Umatumbi Julai 1905. Muulize msomaji yeyote aliyemaliza sekondari na atakueleza habari za la tatu kwa kirefu. La pili atalikumbuka kwa kuwa linatajwa kama vita vifupi kuliko vyote duniani. La kwanza huenda akalikumbuka kwa sentensi moja, au asilikumbuke kabisa.

Hoja yangu ni kwamba mpangilio huo una kasoro, lakini hauwezi kurekebishwa kwa kugawa alama. Walimu wa historia wana vigezo vyao vya kupimia uzito wa tukio. Geoffrey Partington aliviorodhesha mwaka 1980, na tangu hapo vimezunguka madarasani kwa sura mbalimbali: tukio lilienea kiasi gani, lilidumu muda gani, liliwagusa watu wangapi, liliwagusa kwa undani gani, na liliacha nini nyuma yake. Vinaonekana vyepesi. Shida huanza pale unapojaribu kuvitumia juu ya jambo halisi, kwani kila kimoja kinageuka kuwa maswali mawili au matatu, na jibu hutegemea ni lipi umelichagua bila kusema.

Tuanze na muda, kwa sababu ndicho kigezo kinachodhaniwa hakina utata. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896, na binamu yake Khalid bin Barghash akaingia jumbani na kujitangaza sultani bila idhini ya Waingereza. Alipewa hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ameondoka. Muda ulipopita, manowari zikafyatua. Haikuchukua saa moja: wengi wanataja dakika 38. Watu wapatao 500 wa upande wa jumba waliuawa au kujeruhiwa, Khalid akakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, na siku ileile Hamoud bin Muhammed akakalishwa kitini.

Sasa weka kando yake usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 katika kisiwa hichohicho. Mapinduzi nayo yalikuwa mafupi. Ndani ya siku moja Sultani Jamshid alikuwa ameshaondoka nchini. Ukipima kwa saa, matukio haya mawili ni ya namna moja. Lakini mizinga ya 1896 ilibadilisha mtu aliyekaa juu ya kiti, ilhali kiti chenyewe kilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza tangu 1890. Mapinduzi ya 1964 yalikiondoa kiti, yakagawa upya ardhi, yakawafanya maelfu kuhama, na siku zisizozidi 105 baadaye Zanzibar ilikuwa imeungana na Tanganyika. Kwa hiyo muda wa tukio haupimi chochote peke yake. Kinachopimwa ni muda wa mabadiliko, na dakika 38 ni udadisi tu wa kujazia chemsha bongo. Sisemi kwamba waliokufa siku ile hawana uzito. Nasema kwamba umaarufu wa vita vile unatokana na saa ya mkononi, na hiyo ni sababu dhaifu.

Sotoka inaleta tatizo la kinyume chake, maana haina siku ya kuanza wala ya kuisha. Inakubalika kwa ujumla kwamba iliingia Massawa, pwani ya Bahari ya Shamu, mwaka 1887, pamoja na ng'ombe walioletwa kulisha jeshi la Italia. Ng'ombe wa huku hawakuwa wameijua kabla, hivyo hawakuwa na kinga. Mnyama aliyeshikwa huona homa, macho na pua hutoa majimaji, midomo huota vidonda, kisha huharisha hadi kufa, mara nyingi ndani ya wiki mbili. Hadi 1891 ilikuwa imekwisha fika Uganda na nchi ya Wamasai. Mwaka 1896 ilivuka mto Zambezi, na 1897 ilikuwa Rasi ya Tumaini Jema. Mahali ilikopita, kati ya ng'ombe kumi alibaki mmoja au hata hakubaki.

Je, hapo utaandika muda gani? Kwa mwenye zizi ilikuwa ni wiki chache. Kwa bara zima ilikuwa miaka kumi. Kwa ugonjwa wenyewe, ulijificha kwa nyati na nyumbu, ukawa unarudi mara kwa mara. Mara ya mwisho kuonekana Kenya ilikuwa 2001, na dunia ikatangazwa kuwa huru nao mwaka 2011. Wiki chache, miaka kumi, na zaidi ya karne moja, zote ni kweli. Anayetaka kulifanya tukio lionekane kubwa atachukua karne. Anayetaka kulipuuza atachukua wiki. Mchambuzi mwaminifu hana budi aseme anapima muda wa kitu gani, kisha apime matukio mengine yote kwa kipimo hichohicho.

Idadi ya walioathirika nayo inatudai hesabu ambayo hakuna aliyeifanya wakati ule. Katika vita vya Maji Maji, upande wa Wajerumani waliouawa wanajulikana karibu mmoja mmoja: Wazungu 15 na askari 389, mbali na wasaidizi wao. Kwa upande wa wananchi, serikali ya kikoloni yenyewe ilikiri watu wapatao 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyeyatembelea maeneo ya vita na kuzungumza na wazee walioyaona, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Pengo hilo ni kubwa mno kuliko kosa la kawaida la kuhesabu, na halitokani tu na nani ni mkweli na nani ni mwongo.

Linatokana na pale unapoacha kuhesabu. Baada ya mashambulizi ya mwanzo, Gavana von Götzen alipeleka vikosi kusini na vikachoma vijiji, vikateketeza maghala, vikaharibu mashamba yaliyokuwa na mazao. Risasi zilipotulia, njaa ndiyo iliyoendelea na kazi, na baada ya njaa yakaja maradhi yanayofuata miili iliyodhoofika. Ukihesabu waliokufa uwanjani kama pale Mahenge, ambako mwisho wa Agosti 1905 wapiganaji waliikabili bunduki ya rashasha wakiamini maji yatawakinga, utapata tarakimu moja. Ukiongeza walionyongwa Songea Februari 1906, itapanda kidogo. Ukijumlisha mtoto wa Ungoni aliyekufa 1907 kwa kukosa chakula katika nyumba ambayo hakuna aliyeshika silaha, ndipo unapofika kwenye makadirio ya Gwassa. Kwa maoni yangu mtoto huyo ni wa vita hivyo, kwa kuwa njaa ile ilitengenezwa kwa makusudi. Ni uamuzi, na unahitaji kutetewa. Tarakimu haijitetei yenyewe.

Kwa sotoka hali ni ngumu zaidi, kwa sababu haikuua watu. Iliua ng'ombe, na watu wakafa kwa kukosa ng'ombe. Mwaustria Oscar Baumann alipita nchi ya Wamasai mwaka 1892 na akakadiria kwamba thuluthi mbili ya Wamasai walikuwa wameangamia. Makadirio hayo yamenukuliwa vitabuni kwa zaidi ya miaka mia, kana kwamba ni sensa. Hayakuwa sensa. Baumann alikuwa msafiri aliyeona kilichokuwa kando ya njia yake: kraali tupu, watu waliokonda wakiomba chakula kambini. Mtu aliyekosekana kwenye kraali si lazima awe amekufa. Tunajua Wamasai wengi walikimbilia kwa majirani wakulima, kwa Wakikuyu, kwa Waarusha, kwa Wachaga, wengine wakawaacha watoto huko kwa kubadilishana na nafaka. Baadhi walirudi walipopata mifugo tena. Wengine hawakurudi kamwe, na wajukuu wao leo wanazungumza lugha nyingine.

Isitoshe, sotoka haikuja peke yake. Katika miaka ya 1880 homa ya mapafu ya ng'ombe ilikuwa imekwisha punguza mifugo. Ndui ilifuata nyuma yake. Laibon Mbatian alipofariki karibu na mwaka 1890, wanawe Lenana na Sendeyo waligombea nafasi yake, na vita vya wafuasi wao vikaongeza vifo. Wamasai wenyewe hawakuvitenganisha vitu hivi: kipindi chote wanakiita Emutai, maangamizi. Nadhani hapo walikuwa wachambuzi wazuri kuliko sisi tunaotaka kila kifo kiwe na sababu moja. Hata hivyo, mizani inatudai tuulize kama maangamizi yale yangekuwa yale bila sotoka. Jibu langu ni hapana. Jamii ya wafugaji iliwahi kustahimili ukame, vita na ndui, kwa sababu aliyepoteza aliweza kuazima ng'ombe kwa ndugu au rafiki wa mbali. Sotoka ilikata njia hiyo ya kuazimana, maana ndugu wa mbali naye alikuwa hana.

Hapo ndipo kigezo cha undani kinapoingia, nacho hakifanani na idadi. Wakulima wa Kilimanjaro au wa nyanda za Wakikuyu pia walipoteza ng'ombe, na huenda kwa vichwa walioguswa walikuwa wengi. Lakini walibaki na migomba, viazi na mtama. Kwa mfugaji, ng'ombe alikuwa ndiye chakula, mahari, fidia, urafiki na cheo. Jambo lilelile, kwa umbali wa siku mbili za kutembea, lilikuwa hasara kwa mmoja na mwisho wa maisha yanayoeleweka kwa mwingine. Anayejumlisha watu hawa wawili kama “walioathirika” amepata namba kubwa na kupoteza maana yake.

Kigezo cha matokeo ya kudumu ndicho chenye uzito kuliko vyote, na ndicho kinachotumiwa vibaya kuliko vyote. Kosa la kawaida ni kuchukua kila kilichofuata na kukiita tokeo. Njia ya kujikinga ni kufuata mnyororo kiungo kwa kiungo, na katika kila kiungo kuuliza: je, hili lisingetokea hata hivyo?

Chukua ardhi ya Wamasai wa Kenya. Joseph Thomson alipopita mwaka 1883 ilimbidi alipe hongo na kutembea kwa hofu, maana wapiganaji wa Kimasai walikuwa wenye nchi. Miaka kumi baadaye wageni waliona nyasi ndefu, maji, na hakuna mtu. Reli kutoka Mombasa ilipofika ziwani mwaka 1901, Waingereza walitaka walowezi wa kuilipia. Kwa mkataba wa 1904 Wamasai waliondolewa katika Bonde la Ufa, maeneo ya Naivasha na Nakuru, na kwa ule wa 1911 wakaondolewa Laikipia pia. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913, shauri lilitupwa. Ni rahisi kusema: sotoka ilisababisha nyanda za juu kuchukuliwa na Wazungu.

Mimi naona hilo ni kusema zaidi ya ushahidi. Walowezi walikuja kwa sababu ya reli, na reli ilijengwa kwa sababu ya Uganda na mto Nile. Ardhi nzuri ilichukuliwa pia kwa watu ambao hawakuwa wafugaji, kusini mwa Kiambu kwa mfano. Na kufikia 1904 Wamasai walikuwa wamekwisha jenga upya mifugo yao kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo ardhi huenda ingechukuliwa hata bila sotoka. Kilichobadilika ni namna. Wamasai waliodhoofika walichagua kushirikiana na Waingereza, wakapigana kando yao dhidi ya majirani na kulipwa ng'ombe wa mateka. Taifa ambalo wageni waliliogopa kuliko mengine yote halikupigana vita vyovyote vikubwa na Waingereza. Wanandi, waliokuwa na nguvu zao, walipigana kwa miaka zaidi ya kumi. Tokeo lililothibitika la sotoka ni huo ukimya wa bunduki, na ni dogo kuliko lile linalodaiwa, lakini linasimama.

Mnyororo wa pili una nguvu zaidi, ingawa unaanza kwa kinyume. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha 1977 kuhusu ikolojia na uchumi wa Tanzania, alidai kwamba mifugo na watu walipotoweka, vichaka viliota upya mahali palipokuwa malisho, wanyamapori wakarudi, na mbung'o wakaenea pamoja nao. Mbung'o hueneza malale kwa watu na ugonjwa wa ndorobo kwa ng'ombe, kwa hiyo nchi iliyokuwa ya wafugaji ikawa haiingiliki. Lakini sotoka iliua pia nyati, pofu na ngiri, ambao ndio chakula cha mbung'o. Katika bonde la Limpopo mbung'o walitoweka kabisa baada ya 1896. Tokeo la kwanza lilikuwa ni kupungua kwa mbung'o. Lile la pili, la kuenea kwao, lilikuja baadaye, pale wanyamapori walipoongezeka haraka kuliko ng'ombe na hakukuwa na watu wa kutosha kufyeka na kuchoma vichaka. Anayepima mwaka 1897 ataandika kitu kimoja, anayepima 1920 ataandika kinyume chake.

Mtu ataona mnyororo mrefu kama huu ni wa kubuni. Bahati nzuri upo ushahidi ambao wanahistoria huupata mara chache: chanzo kiliondolewa, tukaona kilichotokea. Mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Muguga karibu na Nairobi, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo ya sotoka iliyo salama na rahisi. Ng'ombe walipochanjwa kuizunguka Serengeti, ugonjwa ukatoweka hata kwa wanyama wa porini, ambao hakuna aliyewachanja. Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 walikuwa wamevuka milioni moja. Nyasi zilizolika zikapunguza mioto ya nyikani, na miche ya miti ikapata nafasi ya kukua. Maana yake ni kwamba kwa miaka 70 nyika tuliyoiona kuwa ndiyo sura ya asili ya Afrika ilikuwa nyika iliyougua. Mbuga ziliwekewa mipaka, na wafugaji wakaamriwa kuondoka Serengeti mwaka 1959, kwa kuitazama picha iliyochorwa kwa sehemu na virusi.

Maji Maji haina jaribio la namna hiyo, lakini ina tokeo ambalo sotoka haina: kumbukumbu yenye mwelekeo. Baada ya vita Wajerumani walibadilisha baadhi ya sera za kazi na kilimo cha lazima, na sehemu za kusini zilizobaki tupu zikawa hifadhi za wanyama. Zaidi ya hayo, tukio lilipewa maana mpya. Mwaka 1956 Julius Nyerere alilitaja mbele ya Umoja wa Mataifa, akieleza jinsi kushindwa kule kulivyowafundisha watu kwamba njia ya nguvu haikufaa. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilituma wanafunzi vijijini kukusanya simulizi, na mwaka uliofuata Ebrahim Hussein akachapisha tamthilia ya Kinjeketile. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani aliomba radhi akiwa Songea. Wengine husema hili ni suala la umaarufu, si la uzito. Sikubaliani nao kabisa. Kumbukumbu inayowafanya watu wachague njia moja ya kudai uhuru badala ya nyingine ni tokeo kama yalivyo mengine. Ila ni tokeo la waliosimulia, na lazima lihesabiwe kando, lisije likaazimwa ili kulikuza tukio lenyewe.

Na hapa ndipo tunapoona kwa nini sotoka imesahaulika. Haina Kinjikitile wake. Haina tarehe ya kuadhimisha, haina jenerali, haina adui wa kuombwa radhi. Mitaala yetu iliandikwa na mataifa machanga yaliyotafuta mashujaa na umoja, na ugonjwa wa ng'ombe haukuwa na cha kuyapa. Vigezo vya ukubwa, muda na idadi vina faida hii hasa: vinaweza kulifichua tukio ambalo masimulizi hayakuwa na nafasi nalo.

Kama ningelazimika kupanga, kwa eneo lote kutoka Bahari ya Shamu hadi Rasi ningeiweka sotoka juu bila kusita, na mizinga ya Unguja chini kabisa. Kwa nchi iliyo kati ya Rufiji na Ruvuma, ambako mbung'o walikuwepo tangu zamani na ng'ombe walikuwa wachache, Maji Maji inapanda juu na sotoka inashuka karibu na sifuri. Mwanafunzi wa Kilwa na mwanafunzi wa Loliondo wanaweza kuvitumia vigezo hivi kwa uaminifu uleule na kuleta majibu mawili tofauti, na mtahini anayewakata alama kwa kutofautiana hajasoma ramani.